Babu Hakuitwa A: Mstari wa Chini wa Pasipoti na Karatasi Zetu Nyingine

Nitalisema mapema ili tusizungukane. Zile herufi kubwa zilizobanana chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti yako si jina lako. Ni namna mashine inavyolishika jina lako, basi. Na mtu akikuambia ukabadilishe kipande au cheti cha kuzaliwa ili vifanane na mstari ule, anakutia shimoni, na kutoka humo utatumia pesa na miaka.

Nalisema hili kwa sababu ya hali yetu huku Vanga. Mpaka wa Tanzania uko hapo nyuma ya mikoko. Vijana wanatafuta kazi Saudia, Katari na Dubai, na wazee wanaweka akiba ya Hija. Na majina yetu, jamani, ni marefu. Mwanahamisi, Mwinyihamisi, Mwanamkasi, Mwinyikombo. Mtu ana jina lake, la baba, la babu, kisha la ukoo. Bibi akikuita kwa hasira anayamaliza yote kwa pumzi moja, lakini mashine ya uwanja wa ndege haina pumzi hiyo.

Hebu tuuangalie mstari wenyewe. Fungua pasipoti kwenye picha. Chini kabisa kuna mistari miwili, na kila mmoja una nafasi 44, si zaidi. Kanuni hiyo haikutungwa Nairobi. Ni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kwenye hati yao namba 9303, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1980. Hiyo 44 nayo haikuokotwa hewani. Ukurasa wa pasipoti una upana wa milimita 125, na kila herufi ya mashine inapewa takriban milimita 2.5. Piga hesabu, utaona 44 zinaingia na pembeni pabaki kidogo. Alama zinazoruhusiwa ni herufi A mpaka Z, tarakimu 0 mpaka 9, na kile kishale `<` kinachojaza nafasi tupu. Kwa hiyo hakuna nukta wala koma, wala ile alama ya juu tunayoiweka kwenye ng'.

Kwenye mstari wa kwanza, nafasi 5 za mwanzo zinachukuliwa na aina ya hati na nchi: P, kishale, kisha KEN. Zinabaki 39 za jina. Humo linaanza jina la ukoo, vinafuata vishale viwili, kisha majina mengine, na kati ya jina na jina panawekwa kishale kimoja.

Sasa tufanye mfano. Jina hili nimelitunga mimi, ila mtu wa huku akilisikia hashangai: Mwanahamisi Mwinyihamisi Abdalla Mwinyikombo. Tuseme kwenye pasipoti, jina la ukoo ni Mwinyikombo na hayo mengine matatu ndiyo majina ya kupewa. Mwinyikombo ina herufi 11. Vishale viwili, tumefika 13. Mwanahamisi nayo ni 11, tuko 24. Kishale, 25. Mwinyihamisi ni 12, tuko 37. Kishale tena, 38. Imebaki nafasi moja tu, na babu Abdalla bado yuko nje mlangoni. Basi anaingia kwa herufi yake ya kwanza:

```
P<KENMWINYIKOMBO<<MWANAHAMISI<MWINYIHAMISI<A
```

Hesabu mwenyewe, utapata 44 kamili. Juu yake, kwenye sehemu inayosomwa na watu, babu anaweza kuwa ameandikwa Abdalla kwa ukamilifu. Chini amekuwa A.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ni rahisi kulikagua ukiwa umekaa barazani. Angalia nafasi ya mwisho ya mstari wa kwanza. Ukiona kishale, jina lako limetosha na halikukatwa. Ukiona herufi, jua huenda limekatwa. Kanuni inataka hivyo makusudi: jina likikatwa, nafasi ya mwisho lazima iwe herufi, ili anayesoma ajue kuna kitu kimebaki nje. Nimesema "huenda" kwa sababu jina lenye nafasi 39 barabara litaishia na herufi pia, na halikukatwa hata kidogo. Tena, kukata kwenyewe kuna namna zaidi ya moja. Nchi inayotoa pasipoti inaweza kufupisha jina moja likabaki herufi ya kwanza, au kupunguza majina kadhaa kila moja kidogo. Yaani jina lilelile linaweza kukatwa kwa njia mbili tofauti, na zote zikawa halali.

Alama nazo zina mambo yake. Alama ya ng' inaondolewa na hakiwekwi chochote mahali pake, kwa hiyo Nyong'o inakuwa NYONGO na Ng'ang'a inakuwa NGANGA. Kwetu sisi waswahilisemaji hiyo si alama ya urembo. Ng'oa na ngoa ni maneno mawili, na kinywa kinayatofautisha. Kistari nacho hakifutwi, kinageuzwa kuwa kishale. Abdul-Rahman inakuwa hivi:

```
ABDUL<RAHMAN
```

Na kishale hicho ni kilekile kinachowekwa mahali pa nafasi kati ya majina mawili. Mashine haiwezi tena kujua kama huyu ni mtu mmoja aitwaye Abdul-Rahman, au ni Abdul mwana wa Rahman. Karani akichukua kutoka hapo, kijana wa watu anatoka ofisini akiwa Abdul tu, na Rahman ameshageuka baba yake.

Utaniuliza, sasa kama mashine inalikata jina hivi, inanijuaje mpakani? Jibu liko mstari wa pili. Huko ndiko kuna namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na tarehe pasipoti inapokwisha. Namba na tarehe hizo zina walinzi. Kila moja inafuatwa na tarakimu ya ukaguzi, inayopatikana kwa kuzidisha tarakimu zake kwa 7, 3, 1 kwa zamu, kujumlisha, na kuchukua tarakimu ya mwisho ya jumla. Aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1998 anaandikwa 980412. Hesabu yake inaleta 120, kwa hiyo mlinzi wake ni 0. Mtu akikosea akaandika 980421, hesabu inaleta 122, mlinzi anatakiwa awe 2, na mashine inagundua papo hapo kwamba kuna kitu si sawa.

Jina halina mlinzi. Hakuna tarakimu hata moja ya kulikagua. Na kwenye zile pasipoti mpya zenye chipu, ambazo Kenya ilianza kuzitoa Septemba 2017, ufunguo wa kawaida unaotengenezwa kutoka mistari ile ili chipu isomeke unatumia vitu vitatu: namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya kwisha. Jina halimo. Kwa hiyo waliotengeneza mfumo huu walijua tangu mwanzo kwamba jina la mstari ni kidokezo tu, na kitambulisho chenyewe ni zile namba. Tatizo ni sisi watu wa makaratasi, tunaolichukua kidokezo tukakifanya ushahidi.

Tumfuate Mwanahamisi wetu sasa, tuone maji yanavyozidi unga. Anapata kazi ng'ambo. Ajenti anapiga pasipoti picha kwa programu ya simu, na programu inasoma mistari ya chini kwa sababu ndiyo rahisi kwake. Mkataba unatoka na jina "Mwanahamisi Mwinyihamisi A Mwinyikombo". Viza inaombwa kwa jina hilo. Akifika, kitambulisho cha ukaazi, ile ikama, kinafuata viza. Benki ya huko inafuata ikama. Hati ya mshahara inafuata benki. Kila karatasi imenakili iliyotangulia, na hakuna aliyerudi kutazama juu ya ukurasa wa picha.

Njiani tiketi nayo inafanya yake. Ile kodi ya mistari iliyo kwenye pasi ya kupandia ndege, kwa kanuni za shirika la mashirika ya ndege, IATA, ina nafasi 20 tu za jina la abiria. Mwanahamisi wetu ndani yake anakuwa hivi:

```
MWINYIKOMBO/MWANAHAM
```

Hapo hata jina lake mwenyewe limekatika, na bado anapanda ndege bila shida, kwa sababu watu wa ndege wanajua chombo chao kina ujazo gani. Hawatarajii nafasi 20 zifanane na nafasi 39. Hilo ndilo ningependa ofisi zetu za nchi kavu zilijue.

Maana shida inaanza anaporudi. Miaka minne amefua na kupika kwa watu, ana hati za mshahara na malipo yake ya mwisho wa kazi. Anataka pesa ziingie kwenye akaunti ya hapa, aliyoifungua kwa kipande: Mwanahamisi Mwinyihamisi Abdalla Mwinyikombo. Karani anaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Huyu ana Abdalla, huyu ana A. "Si mtu mmoja huyu. Kalete afidaviti." Akileta, ofisi nyingine inakataa afidaviti hiyo na kutaka hati ya kubadilisha jina, ile inayosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Kubadilisha jina! Ilhali hakubadilisha chochote, aliyebadilisha ni upana wa ukurasa.

Kisha anatokea mjuzi wa mtaani: "Dada, rahisisha. Peleka pasipoti, wakuandikie kipande kipya kama ilivyo." Hapa ndipo ninaposhika kichwa. Ukikifanya kipande kiseme A, umeziba tundu moja na kutoboa matano. Cheti cha kuzaliwa kinasema Abdalla. Cheti cha kidato cha nne kinasema Abdalla. Vyeti vya watoto vinamtaja mama kwa jina kamili. Shamba, kama limeandikwa jina lake, hivyohivyo. Karatasi zote za nchi zilikuwa zinapatana, na zilizotofautiana ni za safari tu, kwa sababu inayoelezeka. Sasa umezitenganisha zile zilizopatana. Na pasipoti hiyo ikiisha, inayofuata itaombwa kwa kipande, na A aliyezaliwa kwa kukosa nafasi atapanda juu, kwenye jina lenyewe. Hapo babu ndiyo amefutika kweli.

Nawaelewa watu wa benki, sitawaonea. Wizi wa vitambulisho upo, na A inaweza kuwa Abdalla, Ali, Athumani au Amina. Kutoka A huwezi kurudi kwa Abdalla kwa uhakika, na karani asiyetaka kubahatisha hana kosa. Lakini njia ya kwenda upande wa pili iko wazi kabisa. Chukua jina kamili la juu, liandike kwa kanuni, uhesabu nafasi 39, uone kama linatoa mstari uliopo chini. Likitoa, na namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa zikiwa zilezile kwenye hati za ng'ambo, tofauti imeshaelezwa na pasipoti yenyewe. Wakili wa nini tena? Ni kazi ya dakika mbili na kalamu. Rai yangu ni kwamba ofisi inayodai afidaviti kabla ya kufanya hesabu hiyo inamtoza maskini kwa sababu ya uvivu wa mtu mwingine. Kwa mtu wa Vanga hiyo si karatasi tu. Ni nauli ya kwenda na kurudi, ni siku nzima bila kazi, na ada za wakili juu yake.

Ila nisieleweke vibaya. Si kila tofauti ni kosa la mstari. Kipande kikisema Hamisi na pasipoti ikisema Khamis, hiyo haikuletwa na nafasi 39. Abdalla na Abdallah, vivyo hivyo. Juma lililoko kwenye hati moja na halipo juu wala chini kwenye nyingine, hapo mstari hauna hatia. Mstari unafanya mambo machache tu: unakata mwishoni au kufupisha jina likabaki herufi zake za mwanzo, unaondoa alama, unageuza kistari na nafasi kuwa kishale. Hauongezi herufi katikati ya jina, na haubadilishi tarehe. Tofauti ya namna hiyo inahitaji kusahihishwa kweli, na afidaviti hapo ina mahali pake. Uzuri wa kuijua kanuni ni huo, inakusaidia kutenganisha tofauti ya mashine na kosa la mtu.

Basi fanya nini? Ukipewa pasipoti, kabla hujatoka ofisini, tazama juu ujihakikishie jina limeandikwa sawasawa na kipande, herufi kwa herufi. Pasipoti ya kawaida inakaa miaka 10, kosa la juu utaishi nalo. Kisha tazama nafasi ya mwisho ya mstari wa kwanza. Ukikuta herufi, wewe ni wa kundi hili, jiandae.

Kujiandaa ni hivi. Ajenti akikuletea mkataba, usitie sahihi kabla hujalinganisha jina na sehemu ya juu. Likiwa na A, mwambie aandike kamili, fomu ikiwa na nafasi. Asikwambie "mfumo umekataa" wakati hata hajajaribu. Tiketi ni habari nyingine: huko unaandika bila alama, na mfumo ukishindwa kubeba majina yote, jina la ukoo na jina lako la kwanza ndiyo ya kulinda, kisha uulize shirika lenyewe kabla ya siku ya safari. Ikama au hati ya benki ikitoka imekatwa, hakikisha basi namba ya pasipoti iliyoandikwa humo ni sahihi, maana hiyo ndiyo itakayokutetea. Na pasipoti ya zamani ikiisha usiitupe. Hati zako za ng'ambo zinataja namba yake, na pasipoti mpya ina namba nyingine. Bila ile ya zamani, kamba imekatika.

Kwa wanaotoa pasipoti, ombi langu ni dogo. Mfumo wenu unajua jina limekatwa kabla hata wino haujagusa ukurasa. Mwonyesheni mwombaji mstari wake mapema, na akitoka mpeni barua moja yenye muhuri inayosema jina kamili ni hili, mstari umelifupisha hivi, ni mtu mmoja. Kanuni inawaachia nchi uhuru wa kuchagua namna ya kukata, kwa hiyo hata kumuuliza mtu ni babu gani abaki herufi moja si jambo lisilowezekana. Na kwenye chipu kuna sehemu ya hiari ambayo inaweza kubeba jina kamili, lisilobanwa na nafasi 39. Itumieni.

Mpaka hayo yafanyike, ukiambiwa majina hayafanani, usikimbilie kwa wakili. Omba kalamu. Andika jina lako lote, weka vishale, hesabu mbele ya karani mpaka ufike 39, kisha mgeuzie pasipoti aone mwenyewe.